"Namba hii tayari inatumika": jinsi ya kuipata akaunti iliyoishikilia namba yako na kuihamishia kwenye akaunti mpya

Wengi wanaoniuliza kuhusu tatizo hili hukwama mahali pamoja. Wanafungua akaunti mpya, wanaandika namba yao ya simu, na skrini inawaambia namba hiyo tayari inatumika. Wanajaribu tena. Wanazima simu na kuiwasha. Wanafuta programu na kuiweka upya. Jibu halibadiliki, na halitabadilika, kwa sababu mtandao haujakosea: kuna akaunti nyingine inayoishikilia namba hiyo, na mpaka iachiliwe hakuna kitakachosogea.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutambua ni akaunti gani, na ni ya nani. Ukishajua hilo, yaliyobaki huchukua dakika chache. Usipolijua, unaweza kujifungia nje ya akaunti yako mwenyewe au kujikuta umeingia kwenye akaunti ya mtu usiyemjua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Laini yenye namba hiyo iwe ndani ya simu, na iwe inapokea meseji. Mwombe mtu akutumie meseji moja ya kawaida sasa hivi. Isipoingia, shughulikia laini kwanza, kwa sababu kila hatua inayofuata inategemea msimbo utakaotumwa hapo.

Uwe pia na njia ya kufungua barua pepe zako zote, hata ile uliyoiacha miaka mingi iliyopita. Andaa anwani moja ya barua pepe unayoitumia kila siku, ambayo tutaiweka kwenye akaunti ya zamani ili ichukue nafasi ya namba.

Mwisho, karatasi na kalamu. Utaandika vidokezo utakavyoviona kwenye skrini, na vingine huonekana mara moja tu.

## Hatua ya 1: Soma ujumbe wenyewe, neno kwa neno

Kuna jumbe tatu ambazo watu huzichanganya, na kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza ndio wetu: namba tayari inatumika, au imeunganishwa na akaunti nyingine. Kwa Kiingereza mara nyingi husomeka hivi:

```
This phone number is already in use
```

Wa pili husema namba imetumika mara nyingi mno kwa uthibitishaji. Google huutoa ujumbe huu kwa namba iliyothibitisha akaunti nyingi. Huu ni ukomo wa idadi, na kuitoa namba kwenye akaunti moja ya zamani si dawa ya kuitegemea. Tumia namba nyingine kwa uthibitishaji huo, kisha usihangaike na hatua zinazofuata.

Wa tatu husema namba si sahihi. Huo ni uandishi tu, na hatua ya 2 inautosha.

Fahamu pia kwamba namba hukaa kwenye akaunti kwa kazi mbili tofauti. Inaweza kuwa jina la kuingilia, yaani unaiandika mahali pa barua pepe unapoingia. Au inaweza kuwa namba ya urejeshaji tu, ya kupokea msimbo ukisahau nenosiri. Jina la kuingilia haliwezi kuwa la watu wawili, kama mlango mmoja usivyoweza kuwa wa nyumba mbili. Namba ya urejeshaji, kwenye mitandao mingi, inaweza kukaa kwenye akaunti zaidi ya moja. Kwa hiyo angalia: unaiweka wapi? Kama unachotaka ni usalama wa akaunti tu, tafuta sehemu ya urejeshaji kwenye mipangilio ya usalama na uijaribu hapo. Kwa baadhi ya watu tatizo huishia hapa.

## Hatua ya 2: Iandike namba kwa ukamilifu wake

Mitandao huhifadhi namba kwa muundo wa kimataifa: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe. Tarakimu zote kwa pamoja hazizidi 15. Katika nchi nyingi, sifuri ya mwanzo huondolewa ukishaweka msimbo wa nchi.

Chagua nchi sahihi kwenye orodha, kwa sababu simu huweza kuchagua nchi nyingine yenyewe. Kisha andika namba polepole huku ukiisoma kutoka mahali ilipoandikwa, usitegemee kumbukumbu. Tarakimu moja ikikosewa, unaweza kuwa unaandika namba ya mtu mwingine kabisa, ambayo kweli inatumika, na ujumbe utakaopata ni huohuo.

Ujumbe ukijirudia baada ya kuandika kwa uhakika, usijaribu tena. Majaribio mengi ya mfululizo hufanya mtandao usitishe kutuma misimbo kwa namba hiyo kwa saa kadhaa, na msimbo huo utauhitaji muda si mrefu. Kama tayari umeshazuiwa, acha kabisa mpaka kesho yake.

## Hatua ya 3: Tafuta akaunti inayoishikilia namba

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye kazi. Anza na kumbukumbu zako mwenyewe kabla ya kugusa mtandao.

Fungua meseji za simu na utafute jina la huduma. Ukikuta msimbo wa zamani kutoka kwa huduma hiyohiyo, umepata ushahidi kwamba namba iliwahi kusajiliwa ukiwa nayo wewe, na tarehe ya meseji itakukumbusha ulikuwa unafanya nini. Kisha ingia kwenye barua pepe zako zote, moja baada ya nyingine, na utafute jina la huduma pamoja na neno "karibu" au "welcome". Barua ya kukaribishwa huonyesha anwani iliyotumika kufungua akaunti.

Waulize na watu wa nyumbani. Je, uliwahi kumfungulia mzazi au mtoto akaunti kwa namba yako kwa sababu yeye hakuwa na laini? Je, kuna ukurasa wa biashara au wa kikundi uliosajiliwa kwa namba hiyo? Maswali haya mawili yamenitatulia kesi nyingi kuliko ufundi wowote.

Baada ya hapo nenda kwenye ukurasa wa kutafuta akaunti wa huduma yenyewe. Utumie dirisha fiche la kivinjari, ili akaunti uliyoingia nayo sasa isichanganye majibu. Kwa Google, ukurasa ni huu:

```
accounts.google.com/signin/usernamerecovery
```

Kwa Facebook ni huu:

```
facebook.com/login/identify
```

Ukurasa wa Google utakuomba namba pamoja na jina lililotumika kwenye akaunti, kisha utakutumia msimbo na kukuonyesha akaunti zinazolingana. Huduma nyingine huonyesha vidokezo vilivyofichwa nusu, kwa mfano herufi mbili za mwanzo za barua pepe na vitone, au picha ya wasifu. Andika kila unachokiona kwenye karatasi yako: herufi za mwanzo, urefu wa jina, sehemu iliyo baada ya alama ya `@`.

Hatua imefanikiwa ukiweza kusema kwa sauti: "Namba iko kwenye akaunti hii, na akaunti hii ni ya fulani." Kama huwezi, rudi kwenye meseji na barua pepe, usisonge mbele.

### Mfano mmoja kwa ukaribu

Kaka yangu alitaka kufungua akaunti mpya ya barua pepe kwa ajili ya kazi. Namba ilikataliwa, naye akaapa kwamba hajawahi kuwa na akaunti kwenye huduma ile.

Tulipotafuta kwa namba, kikatokea kidokezo chenye herufi mbili za mwanzo za jina lake, vitone, na tarakimu mbili za mwisho. Tarakimu hizo hakuzitambua. Nikamuuliza ni nani aliyeiwasha simu yake mara ya kwanza. Akanyamaza kidogo, halafu akakumbuka: aliyemuuzia simu ndiye aliyemwandalia kila kitu, akamrudishia ikiwa tayari kutumika. Simu inapowashwa mara ya kwanza huomba akaunti. Muuzaji alifungua moja kwa jina la kaka na namba yake, akachagua nenosiri mwenyewe, na hakumwambia.

Akaunti ile ilikuwa inahifadhi majina yote ya kwenye simu yake kwa miaka minne. Fikiria kama tungeifuta kwa hasira ili kuikomboa namba. Ndiyo maana nasisitiza kujua kwanza.

## Hatua ya 4: Kama akaunti ni yako, iachilie namba kwa mpangilio huu

Mpangilio ni muhimu kuliko kasi. Watu hutoa namba kwanza, kisha hugundua kwamba namba ilikuwa ufunguo pekee wa akaunti.

Ingia kwenye akaunti ya zamani. Kama nenosiri hulikumbuki, tumia njia ya "umesahau nenosiri" na upokee msimbo kwenye namba hiyo. Hii ndiyo fursa yako ya mwisho ya kuitumia namba kama ufunguo, kwa hiyo itumie kuweka nenosiri jipya na uliandike.

Ongeza barua pepe ya urejeshaji na uithibitishe. Kuiandika peke yake hakutoshi. Lazima ufungue barua uliyotumiwa na ubonyeze kiungo au uweke msimbo. Ukiona neno "imethibitishwa" au alama ya tiki pembeni ya anwani, endelea.

Angalia uthibitishaji wa hatua mbili. Kama umewashwa kwa namba hiyo, hamishia kwenye programu ya misimbo, au chapisha misimbo mbadala na kuiweka mahali salama. Ukitoa namba huku hatua ya pili bado inaitegemea, mtandao ama utakataa, ama utakufungia nje.

Sasa ondoa namba. Kwa kawaida iko kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa binafsi au usalama. Ichunguze sehemu zote mbili, maana namba hiyohiyo inaweza kuwa imewekwa kama jina la kuingilia na pia kama namba ya urejeshaji, na kuitoa sehemu moja hakuitoi nyingine.

Toka, kisha ingia tena kwa barua pepe. Kama umeingia bila kuombwa namba, akaunti ya zamani iko salama na namba iko huru.

Baadhi ya huduma zina utaratibu wao. Kwenye akaunti za Microsoft, namba inaweza kuwa jina kuu la kuingilia, na jina kuu haliondolewi. Lazima kwanza uongeze barua pepe, uifanye iwe jina kuu, ndipo uondoe namba. Yote hufanyika hapa:

```
account.live.com/names/manage
```

Telegram na WhatsApp ni tofauti zaidi, kwa sababu kwao namba ndiyo akaunti yenyewe. Hakuna kuitoa namba na akaunti ikabaki bila namba. Unachoweza ni kubadilisha namba ndani ya mipangilio, na akaunti inahamia kwenye namba mpya. Ukiwa kwenye Telegram unajaribu kuhamia kwenye namba ambayo tayari ina akaunti, utakataliwa mpaka akaunti iliyoko kwenye namba hiyo ifutwe au ihamishwe. Lakini jiulize kwanza kama kweli unahitaji akaunti mpya, kwa sababu ukiingia kwa namba yako ya zamani utakuta kila kitu kiko palepale.

Onyo kuhusu kufuta akaunti. Watu hudhani kufuta akaunti ya zamani ndiyo njia ya mkato. Kumbe Facebook na Instagram hukupa siku 30 za kughairi kabla ya kufuta kabisa, na Microsoft hukuachia siku 30 au 60 kwa chaguo lako. Katika muda huo akaunti bado ipo, na namba inaweza kuendelea kushikiliwa. Kama umeshaomba ifutwe, ghairi, ingia, toa namba kwa utaratibu wa hapo juu, kisha uombe upya.

Kama akaunti ni ya mzazi au mtoto uliyemsaidia, hatua ni hizihizi, ila mfanye mkiwa wawili. Weka namba yake badala ya yako mkiwa mmekaa pamoja, ili msimbo uingie kwenye simu yake naye aone kinachofanyika.

## Hatua ya 5: Kama akaunti ni ya mtu usiyemjua

Kampuni za simu hugawa upya namba zilizoachwa. Mwenye namba wa kwanza akiiacha laini bila kubadilisha namba kwenye akaunti zake, wewe unarithi namba na akaunti zake zinabaki zimeishikilia. Hili si jambo la nadra: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani walichunguza namba 259 zilizokuwa zinapatikana kwa wateja wapya, wakakuta 171 kati yake zimeunganishwa na akaunti zilizopo kwenye tovuti maarufu.

Ukiona kwenye ukurasa wa kutafuta jina au picha ya mtu usiyemjua, simama hapo. Usiombe kubadilisha nenosiri. Ni kweli msimbo utakuja kwenye simu yako na mlango utafunguka, lakini ndani kuna barua, picha na pengine fedha za mtu. Katika nchi nyingi kuingia bila idhini ni kosa la jinai, hata kama namba ni yako kihalali.

Kwenye WhatsApp njia iko wazi. Jisajili kwa kawaida na uthibitishe kwa msimbo. Ukiombwa namba ya siri ambayo hukuiweka, ni ya mwenye namba wa zamani. Ukishathibitisha kwa msimbo wa meseji, subiri siku 7, kisha utaweza kuendelea bila namba hiyo ya siri. Usikisie, kwa maana makisio hayaharakishi chochote.

Kwenye huduma nyingine, fungua akaunti mpya kwa barua pepe bila namba, kisha uwaandikie msaada wa wateja ukiwa ndani ya akaunti hiyo. Barua fupi hujibiwa kuliko barua ndefu. Unaweza kuandika hivi:

> Nimepata laini yenye namba hii tarehe fulani kutoka kampuni fulani ya simu. Ninapoiongeza kwenye akaunti yangu naambiwa tayari inatumika. Akaunti iliyonayo si yangu na sihitaji kuingia humo. Naomba namba itenganishwe na akaunti hiyo. Niko tayari kuithibitisha kwa msimbo wa meseji na kuonyesha uthibitisho wa usajili wa laini.

Sentensi ya tatu ndiyo inayobeba barua. Bila hiyo unaonekana kama mtu anayetaka kuingia kwenye akaunti ya mwingine, na anayeisoma ana kila sababu ya kukukatalia. Ambatisha picha ya ujumbe uliopewa. Usiambatishe kitambulisho mpaka uombwe, na ukiombwa, kitume kwenye ukurasa rasmi wa huduma tu.

Na ikiwa laini ni mpya kabisa na hujaanza kuigawa namba yake kwa watu, kuna suluhisho jepesi: chukua namba nyingine. Mimi ndivyo ninavyoshauri, hasa ikianza kupokea meseji za benki za mtu mwingine.

## Mambo mawili yanayoharibu kila kitu

La kwanza ni namba za bure za mtandaoni za kupokea misimbo. Kila mtu anaweza kuisoma misimbo inayoingia humo, kwa hiyo anayekuja baada yako anaweza kuichukua akaunti yako.

La pili ni watu wanaojitolea kukufungulia namba kwa malipo, kisha wanaomba uwatumie msimbo ulioingia. Msimbo huo ndio akaunti yenyewe. Hakuna mfanyakazi halali wa huduma yoyote anayehitaji kuusikia kutoka kwako.

## Hatua ya 6: Iweke namba kwenye akaunti mpya na uhakikishe

Baada ya namba kuachiliwa, usikimbilie sekunde ileile. Funga programu, fungua dirisha jipya la kivinjari, kisha ongeza namba. Wakati mwingine mtandao huchelewa kusasisha. Kwa kaka yangu jaribio la kwanza lilikataliwa usiku, la pili likakubaliwa asubuhi bila sisi kubadilisha chochote. Ikiwa siku mbili zimepita na bado inakataa, basi namba iko kwenye akaunti ya pili usiyoikumbuka, na unarudi kwenye hatua ya 3.

Msimbo ukija, uweke, na usubiri mpaka namba ionekane kwenye mipangilio ikiwa na alama ya kuthibitishwa. Kisha fanya majaribio matatu. Toka kwenye akaunti mpya na uingie kwa kutumia namba, uone kwamba umefika kwenye akaunti mpya na si ya zamani. Ingia kwenye akaunti ya zamani kwa barua pepe, uone kwamba sehemu ya namba iko tupu au ina namba nyingine. Mwisho, rudi kwenye ukurasa wa kutafuta akaunti, andika namba, na usome kidokezo kinachotokea: herufi za mwanzo zinapaswa kuwa za akaunti mpya. Zilinganishe na ulizoandika kwenye karatasi, kisha zikate kwa kalamu zile za akaunti ya zamani.